Nani Aje: Maneno ya Kipeperushi cha Siku ya Uchunguzi

Leo nataka tuzungumzie karatasi moja tu, ile inayobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya serikali ya mtaa, kwenye ukuta wa duka la dawa, na siku hizi kusambazwa katika makundi ya simu. Kwa kawaida husomeka hivi: “Kituo chetu cha afya kinawatangazia wananchi wote siku ya upimaji bure. Tarehe 13 Juni, saa 8:00. Wote mnakaribishwa. Afya ni mtaji.” Ina maneno machache na heshima imezingatiwa, na aliyeiandika bila shaka alikuwa na nia njema. Hata hivyo, nitadai kwamba karatasi hiyo inaweza kuiharibu siku yenyewe kabla muuguzi hajavaa glavu, na kwamba neno linaloharibu zaidi ni lile linaloonekana la ukarimu kuliko yote, yaani “wote”. Ili tusizungumze hewani, tuchukue uchunguzi mmoja ambao vituo vyetu vya afya nchini Tanzania hufanya: uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani hii Tanzania kuwa zaidi ya 10,000, na vifo zaidi ya 6,000, katika mwaka mmoja. Ni ugonjwa unaoua wanawake wengi, na wakati huohuo ni ugonjwa unaotoa nafasi ndefu ya kuuwahi.

Nafasi hiyo ndefu ndiyo msingi wa hoja yangu, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Saratani hii husababishwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, kirusi cha papiloma. Wanawake wengi hukipata wakiwa bado vijana, na kwa wengi wao mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila mtu kujua kwamba kilikuwepo. Kwa wachache kirusi hubaki, na taratibu hubadilisha chembechembe za mlango wa kizazi. Kutoka mabadiliko hayo ya awali hadi kuwa saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20, na hupungua hadi miaka 5 au 10 kwa mwanamke ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika. Uchunguzi unaofanyika kituoni hautafuti saratani iliyokwisha kukomaa. Unatafuta yale mabadiliko ya awali, ambayo hayaumi, hayatoi damu, wala hayana dalili yoyote anayoweza kuihisi mwenye mwili. Mhudumu huweka spekula, hupaka kwenye mlango wa kizazi asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, ambayo ni siki kwa jina la jikoni, husubiri dakika moja, kisha huangalia kwa taa kama kuna sehemu iliyogeuka kuwa nyeupe. Ikionekana, na ikiwa inafaa kutibiwa hapohapo, kuna tiba mgando, au kifaa cha joto kinachofikia nyuzi 100 kwa nusu dakika hivi. Mwanamke hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Sasa tuangalie uchunguzi huo unamfaa nani. Chini ya miaka 30, sehemu kubwa ya kitakachoonekana ni maambukizi ambayo yangepita yenyewe, na kumtibu mtu kitu ambacho kingepona chenyewe ni kumsumbua na kumtia hofu bure. Kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi tatizo ni lingine. Ile sehemu ya mlango wa kizazi ambako mabadiliko huanzia huwa imerudi ndani ya njia ya kizazi, mahali ambapo jicho halifiki. Mhudumu akipaka siki na asione weupe, jibu lake halina maana, kwa sababu hakuona mahali penyewe. Kumwambia bibi wa miaka 62 kwamba yuko salama kwa kipimo hicho ni kumpa hakikisho ambalo kipimo hakikuweza kulitoa. Ndiyo maana mwongozo wa Tanzania umewalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50, na Shirika la Afya Duniani nalo linashauri wanawake wengi waanze wakiwa na miaka 30. Kwa hiyo kipeperushi kinaposema “wote mnakaribishwa”, kinamwita kwa sauti ileile msichana wa miaka 19, bibi wa miaka 62, mwanamume aliyedhani atapimwa shinikizo la damu, na mama wa miaka 38 ambaye siku nzima iliandaliwa kwa ajili yake. Na katika hao wanne, huyu mama ndiye mwenye uwezekano mdogo wa kufika mapema, kwa kuwa ndiye anayeamka kupika, kupeleka watoto shule na kufungua genge.

Kuna watakaoniambia hapa: kuna ubaya gani wakija wote, si watachujwa mlangoni? Tufanye hesabu. Tuchukue kituo chenye vyumba viwili vya uchunguzi na wahudumu wawili waliofunzwa, kinachoanza saa 2:30 asubuhi na kumaliza saa 8:00 mchana. Hayo ni masaa matano na nusu. Kila mwanamke anahitaji kama dakika 15, ukijumlisha kueleza, kupanda kitandani, kupima, kuvaa na kuandika kadi. Chumba kimoja kitahudumia wanawake wanne kwa saa, vyumba viwili wanane, na siku nzima 44. Lakini hesabu hiyo haijamweka anayekutwa na weupe. Kwa kupanga tu, tuseme ni mmoja kati ya kumi. Tiba mgando ya kawaida hugandisha dakika 3, huacha dakika 5, kisha hugandisha tena dakika 3. Ukiongeza mazungumzo kabla na baada, nusu saa imekwisha kwa mtu mmoja. Wanne wakihitaji tiba, masaa mawili ya mhudumu yametumika, na nafasi nane za uchunguzi zimeondoka. Tumebaki na 36. Na bado hatujahesabu spekula. Kituo chenye spekula 15 lazima kizizungushe, na kila mzunguko una kuloweka kwenye maji ya klorini dakika 10, kusugua na kusuuza, kuchemsha au kupika kwa mvuke, kisha kuacha zipoe. Hakuna mzunguko wa namna hiyo utakaokwisha kwa robo saa, na mama aliyekwisha panda kitandani hawezi kuambiwa asubiri sufuria ichemke.

Kwa hiyo kituo hicho, kikifanya kazi vizuri bila kukatikiwa na umeme, kina nafasi za wanawake 35 hivi. Wakija watu 150, kuwachuja mlangoni ni kazi ya mhudumu mmoja kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na mhudumu huyo ni mmoja wa wale wawili, maana hakuna wa tatu. Kuchuja kunafanyika kwa vyovyote. Suala ni kama kutafanyika nyumbani, mtu akisoma karatasi kwa nafasi yake, au kutafanyika getini, mbele ya foleni, mtu akiwa ameshalipa nauli na kuacha biashara. Mwanamke aliyerudishwa getini mara moja hana sababu ya kuliamini tangazo la pili. Mimi nasema basi kwamba mstari wa nani aje ndio unaostahili kukaa juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko jina la kituo na kuliko picha ya mgeni rasmi. Kuhusu picha ya mgeni rasmi, sijaona bado kipimo cha afya kinachoihitaji.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Huko ni kubagua, wengine watasema, maana ugonjwa unaweza kumpata hata asiyefika miaka 30, na bibi wa miaka 62 naye ana haki. Ni kweli kwamba ana haki, lakini haki yake ni ya huduma inayomfaa. Bibi aliyekoma hedhi kisha akaona damu hahitaji siku ya uchunguzi wa watu wasio na dalili. Anahitaji kuonwa na daktari wiki hiyohiyo na pengine kupewa rufaa. Vivyo hivyo kwa mwanamke wa umri wowote anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au damu katikati ya mwezi, au uchafu wenye harufu mbaya usiokwisha. Karatasi ya “wote mnakaribishwa” humwambia mtu huyu, bila kukusudia, asubiri tarehe 13 Juni. Anaweza kuwa ameiona karatasi mwanzoni mwa Mei, akajituliza kwamba huduma ya bure inakuja, na akapoteza wiki sita. Ndiyo sababu ninataka kila kipeperushi cha namna hii kiwe na sentensi moja ambayo haihusu siku hiyo kabisa: mwenye damu isiyo ya kawaida asisubiri, aje kituoni leo. Sentensi hiyo inaweza kumfaa mtu mmoja tu katika kata nzima, na bado ingekuwa na thamani kuliko “afya ni mtaji”.

Tufike sasa kwenye sehemu ngumu kuliko zote za mstari wa nani aje, ambayo waandishi wengi wa matangazo hawaioni mpaka madhara yametokea. Mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hii kuliko asiye navyo, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25, na arudie mapema kuliko wengine. Mwandishi mwenye bidii atataka kuliandika hilo, na ataandika: “Wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na virusi vya ukimwi kuanzia miaka 25.” Kwa upande wa tiba sentensi hiyo haina kosa. Kwa upande wa mtaa ni hatari. Siku ikifika, kila mwenye macho anayemwona binti wa miaka 26 kwenye foleni ameshaelezwa na karatasi ya ukutani kwa nini yupo pale. Kituo kimetangaza siri ya mgonjwa wake bila kumtaja jina. Na binti huyo, ambaye huenda hata mumewe hajui hali yake, akiisoma karatasi atafanya jambo la busara kwa upande wake, yaani hatakuja.

Dawa yake ipo na haina gharama. Wanawake hao tayari wanahudhuria kliniki ya tiba na matunzo, wana kadi na wana tarehe za kurudi kuchukua dawa. Waambiwe huko, na mhudumu wanayemjua, ndani ya chumba, na ikiwezekana wapimwe kwa miadi ya siku yao ya kawaida. Kwa wale watakaopenda kuja siku ya wazi, karatasi iwaachie mlango ambao hauna jina juu yake: “Wanawake wa miaka 30 hadi 50, na mwanamke mwingine yeyote aliyeelekezwa na mhudumu wa afya.” Maneno hayo “aliyeelekezwa na mhudumu wa afya” yanaweza kumhusu mtu kwa sababu kumi tofauti. Aliyesimama nyuma yake kwenye foleni hana cha kukisia. Mtu atauliza kama huko si kuficha ukweli wa kitabibu kwa umma. Sidhani. Ukweli huo unafikishwa kwa anayeuhitaji, na unafikishwa na mtu anayeweza kujibu maswali yake, jambo ambalo karatasi haiwezi.

Kuhusu tarehe na saa nitakuwa mfupi, ingawa makosa yake ni mengi. “Saa 8:00” bila neno lolote baada yake ni mtego kwa msomaji wa Kiswahili, kwa sababu saa nane yetu ni ya mchana au ya usiku, na karatasi nyingi hutengenezwa kwa kompyuta inayohesabu saa kwa Kizungu. Kituo kikimaanisha saa mbili asubuhi kisha kikaandika 8:00, nusu ya watu watafika wahudumu wakiwa wanafunga. Saa iandikwe kwa hesabu yetu na sehemu ya siku itajwe: saa 2:30 asubuhi. Tena saa ya kufunga huduma na saa ya mwisho ya kuandikishwa ni vitu viwili. Kama kituo kinamaliza saa 8:00 mchana, anayefika saa 7:45 hatapimwa, kwa hiyo kinachomfaa msomaji ni kwamba uandikishaji unaisha saa 6:00 mchana. Tarehe nayo iende na jina la siku pamoja na mwaka: Jumamosi, 13 Juni 2026. Jina la siku humsaidia mtu kupanga, na mwaka huzuia karatasi iliyosahaulika ukutani isimwite mtu mwaka unaofuata.

Kuna jambo jingine la tarehe ambalo halionekani kwenye karatasi lakini huamua nani atakuja. Katika miji ya pwani, siku ya uchunguzi wa aina hii ikipangwa katikati ya Ramadhani, wanawake wengi hawatafika, kwa kuwa wapo wanaoshika kauli kwamba uchunguzi wa ndani unaofanyika mchana huharibu saumu. Mhudumu hana haja ya kuingia katika mjadala wa fikihi. Anachotakiwa ni kufungua kalenda. Mwaka 2026 Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na baada yake masika huchukua nafasi na kuharibu barabara. Juni ni mwezi wenye nafasi. Siku ya gulio nayo iangaliwe, maana mwanamke mwenye bidhaa hawezi kuliacha gulio, ingawa kwa anayeishi mbali siku hiyohiyo ndiyo yenye usafiri rahisi kuja mjini. Hapo kila kituo kinaijua jamii yake kuliko mimi.

Pingamizi la tatu ndilo linalotolewa na wenye taaluma ya matangazo, na siwezi kulipuuza. Wanasema watu hawasomi, maneno yakiwa mengi karatasi haitazamwi, kwa hiyo andika “bure” kwa herufi kubwa, weka tarehe, mengine wataelezwa wakifika. Nakubali nusu ya kwanza. Karatasi ya ukutani haiwezi kubeba somo la kirusi cha papiloma, wala haina haja ya kueleza siki wala kugandisha. Lakini “mengine wataelezwa wakifika” inasahau kwamba baadhi ya mambo yakielezwa mtu ameshafika yamechelewa. Mfano ulio wazi ni hedhi. Mwanamke aliye katika siku zake hawezi kupimwa vizuri kwa siki, kwa kuwa damu hufunika kinachotafutwa. Kwa tarehe yoyote utakayoichagua, baadhi ya wanawake wa miaka 30 hadi 50 watakuwa katika hali hiyo, na hakuna kituo kinachoweza kuliepuka hilo kwa kupanga. Akija akaambiwa arudi, amepoteza siku na ameona aibu. Akisoma nyumbani “ukiwa kwenye hedhi, njoo Jumanne yoyote inayofuata”, hakuna alichopoteza.

Na huo mstari wa Jumanne una kazi kubwa kuliko inavyoonekana, maana unagusa udhaifu wa siku ya uchunguzi yenyewe. Ushahidi wa kuchunguza kwa siki umetoka sana India, ambako majaribio makubwa yalifanyika. Mjini Mumbai wanawake kama 150,000 waligawanywa katika makundi mawili kuanzia mwaka 1998. Kundi moja lilichunguzwa na wahudumu wa ngazi ya chini waliofunzwa, kila baada ya miaka miwili, mara nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 31 katika kundi lililochunguzwa. Lakini majaribio ya kuchunguza mara moja tu yametoa majibu yasiyolingana: wilayani Dindigul vifo vilipungua, wilayani Osmanabad siki ya mara moja haikuleta tofauti ya maana, huku kipimo cha kirusi chenyewe, hata kikifanywa mara moja, kikipunguza vifo kwa karibu nusu. Ninachokisoma hapo ni kwamba siki ina faida inaporudiwa, na kwamba siku moja ya shamrashamra isiyo na mwendelezo inaweza kuishia kuwa picha za kumbukumbu. Pale kipimo cha kirusi kilipofika, nacho kitumike, kwani hata nafasi ya kurudia huongezeka kuwa miaka 5 hadi 10 kwa wanawake wengi. Pale ambapo siki ndiyo iliyopo, karatasi ya siku ya bure lazima iseme huduma inaendelea lini baada ya siku hiyo. Kama haiendelei, tatizo ni kubwa kuliko maneno.

Neno “bure” nalo linahitaji mpaka. Uchunguzi ukiwa bure, tiba ya siku hiyo je? Na rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, au Ocean Road, Dar es Salaam, kwa yule atakayeonekana na jambo kubwa? Mwanamke anayesoma “bure” halafu akaambiwa ndani kwamba gesi ya kugandisha inachangiwa, atasema ameitwa kwa hila, na atawaambia na wenzake. Karatasi iseme kilicho bure kwa majina: uchunguzi na tiba ya siku hiyo ni bure, huhitaji kadi ya bima wala kitambulisho. Kama nauli ya rufaa ni juu ya mgonjwa, si lazima kuiandika ukutani, lakini mhudumu awe na jibu lake tayari kabla hajaanza kupima, kwa sababu kumgundua mtu bila kuwa na mahali pa kumpeleka kunamwongezea mzigo.

Lipo pia suala la haya, ambalo wengine hulitumia kutetea maneno ya mzunguko kama “afya ya mama”. Nadhani hofu hiyo imepimwa vibaya. Wanawake wa pwani na bara wanazungumza mambo ya uzazi kwa uwazi mkubwa wakiwa peke yao. Kinachowarudisha nyuma ni kujua nani atakuwa chumbani na kama kuna pazia. Kwa hiyo “saratani ya mlango wa kizazi” iandikwe wazi, na chini yake iandikwe: watakaopima ni wauguzi wanawake, chumba ni cha faragha, njoo na kanga yako. Hili la wauguzi wanawake liandikwe pale tu lilipo kweli. Kituo chenye mhudumu mwanamume hodari kinaweza kumtumia kwenye maelezo na kumbukumbu siku hiyo, lakini hakina ruhusa ya kuahidi kisichokuwepo.

Baada ya kusema hayo yote, ngoja niisome karatasi ninayoipendekeza, ili anayeona ni ndefu aipime kwa sikio lake. “Mwanamke wa miaka 30 hadi 50: njoo uchunguzwe saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamke mwingine yeyote aliyeelekezwa na mhudumu wa afya pia aje. Jumamosi, 13 Juni 2026, katika kituo cha afya cha kata. Kuandikishwa ni kuanzia saa 2:30 asubuhi mpaka saa 6:00 mchana. Nafasi ni 35. Chukua namba mapema kwa mhudumu wa afya wa mtaa wako. Uchunguzi na tiba ya siku hiyo ni bure, bila kadi ya bima wala kitambulisho. Watakaopima ni wauguzi wanawake, katika chumba cha faragha. Njoo na kanga. Umekosa namba, au uko kwenye hedhi? Huduma hii ipo kila Jumanne asubuhi. Mwenye damu isiyo ya kawaida asisubiri siku hii, aje kituoni leo.” Ukiisoma bila haraka haifiki dakika moja. Na kwa anayeitazama akipita na ndoo kichwani, mstari wa kwanza peke yake unatosha kumwambia kama inamhusu.

Wapo watakaolalamikia namba 35, kwamba inaweza kuwatisha watu au kuwapa nafasi wale tu walio karibu na mhudumu wa mtaa. Malalamiko hayo ni ya haki, na yana tiba ya sehemu: kila mtaa utengewe namba zake, na zisizochukuliwa hadi Alhamisi zirudi kituoni zigawiwe kwa wengine. Hata hivyo nafasi 35 zinajulikana kwa hesabu, na kuzificha hakuziongezi. Kama mahitaji ni makubwa, jibu ni Jumamosi ya pili.

Kituo kitajuaje kama karatasi imefanya kazi? Wingi wa watu uwanjani si kipimo, ingawa ndio unaopendeza kwenye taarifa. Mezani pa kuandikishia pawe na daftari lenye safu mbili za ziada: waliorudishwa bila kupimwa, na kwa nini. Jioni ile daftari lisomwe. Wengi waliorudishwa kwa umri wanaonyesha kwamba mstari wa kwanza haukuonekana, au kwamba waliousambaza kwa mdomo walisema “wote”. Wengi waliochelewa wanaonyesha saa haikueleweka. Namba zikiwa zimechukuliwa na watu hawakuja, muulizwe mhudumu wa mtaa kabla ya kulaumiwa wanawake. Na Jumanne zinazofuata zihesabiwe pia kwa wiki nne, maana mwanamke aliyeisoma karatasi, akaona tarehe 13 haimfai, kisha akaja tarehe 23 na kanga yake mkononi, naye aliletwa na karatasi ileile.